Duara Lililo Chini ya Ubongo

Mwaka 1664 Thomas Willis, daktari wa mji wa Oxford nchini Uingereza, alichapisha kitabu kuhusu maumbile ya ubongo. Ndani yake alisimulia habari za mwanamume aliyefariki kwa uvimbe wa tumboni, ambaye mwili wake ulipasuliwa ili uchunguzwe. Walipolifungua fuvu wakakuta jambo la kushangaza. Mshipa mkubwa wa damu wa upande wa kulia, ule unaopanda kuelekea kichwani, ulikuwa umekakamaa na tundu lake limeziba karibu lote. Kwa hesabu ya kawaida, mtu wa namna hiyo alipaswa awe amepigwa na kiharusi zamani. Hakupigwa. Kilichomuua hakikuhusiana na kichwa hata kidogo.

Willis hakuishia kushangaa. Aliifuatilia mishipa mingine akakuta kwamba mmoja wa ile inayopanda kwa nyuma ya shingo, upande huohuo wa kulia, ulikuwa umepanuka mara tatu ya mwenzake wa kushoto. Damu ilikuwa imepata njia nyingine. Ili kuithibitisha njia hiyo, yeye na wenzake waliingiza maji yenye wino kwenye mshipa wa shingo wa upande mmoja wa maiti, na wino ukajitokeza upande wa pili. Wapo wataalamu waliomtangulia ambao walikwisha kuliona duara la mishipa lililo chini ya ubongo, lakini yeye ndiye aliyeeleza vizuri kazi yake. Michoro ya kitabu chake, ambayo mingi ilichorwa na Christopher Wren, yule msanifu aliyekuja kujenga kanisa kuu la Mtakatifu Paulo jijini London, iliisambaza habari hiyo. Hadi leo madaktari huliita duara la Willis.

Nimeanza na marehemu huyu kwa sababu tunapozungumza juu ya kiharusi huwa tunauliza kama mshipa umeziba, na ni nadra kuuliza umezibia wapi. Swali la pili ndilo lenye majibu mengi zaidi. Mshipa mnene wa shingoni unaweza kuziba wote na mwenye nao akaendelea na shughuli zake bila kujua. Mshipa wa milimita tatu, sentimita chache juu ya hapo, ukizibwa ghafla, mtu huyohuyo anashindwa kuinua mkono na kulitaja jina la mwanawe. Kinachotenganisha hali hizo mbili ni kama kizuizi kimekaa kabla ya duara, baada yake, au juu ya duara lenyewe.

Ukiupindua ubongo katika chumba cha anatomia, upande wa chini ukatazama juu, duara hilo huonekana wazi. Limezunguka mahali pale ambapo neva mbili za macho hukutana na kupishana, na katikati yake hupita kikonyo kinachoshikilia tezi ndogo ya pituitari. Ni dogo kuliko wanafunzi wengi wanavyolitarajia baada ya kuliona limechorwa ukurasa mzima, na halina umbo la duara kamili. Lina kona, na pande zake hazilingani unene.

Damu hulifikia kwa mishipa minne. Miwili ni ile ya mbele ya shingo, iitwayo karotidi. Ukiweka vidole pembeni ya koromeo utausikia mpigo wake. Kila karotidi hugawanyika shingoni, na tawi lake la ndani huingia kwenye fuvu. Miwili mingine, iitwayo vetebra, hupanda kwa nyuma ikipita katika vitundu vya mifupa ya uti wa shingo, ikaingia kwenye fuvu kwa tundu kubwa la chini, kisha ikaungana kuwa mshipa mmoja uitwao basila, unaolala juu ya shina la ubongo. Basila nao ukifika mwisho hupasuka mara mbili na kuzaa ateri mbili za nyuma za ubongo, moja kila upande. Karotidi kwa upande wake huzaa ateri ya mbele na ateri ya kati. Basi kila nusu ya ubongo ina ateri kuu tatu: ya mbele, ya kati na ya nyuma.

Kinachofanya mishipa hiyo iwe duara ni viunganishi vifupi vitatu. Kimoja, ambacho mara nyingi urefu wake ni milimita chache tu, huziunganisha ateri mbili za mbele, kulia na kushoto. Vingine viwili, kimoja kila upande, huiunganisha karotidi na ateri ya nyuma. Fikiria kipilefti kinachopokea magari kutoka barabara nne na kuyatoa kwa barabara sita. Barabara moja ya kuingilia ikifungwa, magari ya barabara nyingine yanaweza kuzunguka na kutokea popote. Ila mfano huu una kasoro moja ambayo lazima niiseme. Katika siku za kawaida damu haizunguki ovyo humo. Msukumo wa kulia na wa kushoto unakaribia kulingana, kwa hiyo kila upande hulisha eneo lake na katika viunganishi hupita damu kidogo tu. Msukumo ukishuka upande mmoja, ndipo damu inapoanza kuvuka.

Hicho ndicho kilichomwokoa mtu wa Willis. Karotidi yake haikuziba kwa siku moja. Ilikakamaa polepole, na kadiri ilivyozidi kuwa nyembamba, damu nyingi zaidi ilipita kwa nyuma. Ateri inayopitisha damu nyingi kwa muda mrefu hupanuka, na ile vetebra iliyonenepa mara tatu ilikuwa kumbukumbu ya kazi hiyo ya miaka. Laiti mshipa uleule ungefungwa kwa ghafla, pengine mambo yangekuwa mengine.

Na kweli wakati mwingine yalikuwa mengine. Mwaka 1805 daktari wa upasuaji wa London, Astley Cooper, alimfunga mgonjwa karotidi kwa uzi ili kuzuia uvimbe wa mshipa huo usipasuke. Mgonjwa alifariki. Alijaribu tena mwaka 1808 kwa mgonjwa mwingine, na huyo akaishi miaka 13 baada ya hapo, akiwa na karotidi moja tu inayofanya kazi. Mikono ya daktari ilikuwa ileile na mshipa uliofungwa ni uleule.

Siwezi kudai kwamba duara peke yake ndilo lililowatofautisha wagonjwa hao wawili, maana zama hizo watu walikufa kwa maambukizi ya kidonda kama walivyokufa kwa sababu nyingine yoyote. Lakini tunajua sasa kwamba duara halifanani kwa watu wote. Lile duara zuri la vitabuni, lenye viunganishi vyote na unene wa kutosha, wanalo watu wachache kuliko tunavyodhani. Katika tafiti nyingi hawafiki nusu ya waliochunguzwa. Mwingine kiunganishi chake cha nyuma upande mmoja ni uzi mwembamba usiopitisha kitu cha maana. Mwingine ateri ya mbele ya kulia ni nyembamba tangu kuzaliwa, na ile ya kushoto hulisha pande zote mbili. Kuna na wale ambao ateri yao ya nyuma hutoka moja kwa moja kwenye karotidi, kama ilivyokuwa tumboni mwa mama, na basila hauichangii karibu chochote. Wote hawa huishi miaka na miaka bila dalili, kwa sababu barabara zote nne za kuingilia ziko wazi. Upungufu hujulikana siku moja ya hizo inapofungwa.

Hii ndiyo sababu daktari anayetaka kuisafisha karotidi iliyojaa mafuta hawezi kuibana tu na kuanza kazi. Hutaka kwanza kujua damu ya upande wa pili inavuka kiasi gani. Njia mojawapo ni kumfanyia mgonjwa upasuaji akiwa macho, shingo ikiwa imetiwa ganzi. Mshipa unabanwa, kisha anaambiwa afinye kidude kwa mkono wa upande mwingine na aendelee kuongea. Mkono ukilegea au maneno yakipotea, daktari anaweka mrija mdogo wa kuipitisha damu kando ya mahali palipobanwa, ndipo aendelee.

Sasa tuvuke duara. Kila moja ya zile ateri sita ikishatoka pale, ina eneo lake la kulisha, na msaada wa duara umeachwa nyuma. Nitamtumia mgonjwa wa kutunga, lakini dalili zake ni zilezile zinazofikishwa hospitali zetu kila siku.

Tuseme ni mama wa miaka 60 na ushee. Ana presha ya miaka mingi, na moyo wake umeanza kupiga bila mpangilio, jambo ambalo hajawahi kuambiwa. Katika moyo wa namna hiyo damu hutuama pembeni na kuganda. Alfajiri moja kipande cha damu iliyoganda, chenye upana wa milimita chache, kinang'oka na kutupwa kwenye mkondo. Kinapanda karotidi ya kushoto. Kinapofika kwenye duara kingeweza kukata kona na kuingia ateri ya mbele, lakini ateri ya kati ndiyo nene zaidi, ndiyo inayochukua sehemu kubwa ya damu ya karotidi na ndiyo inayoendelea karibu moja kwa moja na mwelekeo wake. Huko ndiko vipande vingi huishia. Kinakwama.

Mkwewe anafungua mlango na chai mkononi.

"Shikamoo mama."

Mama anamtazama, mdomo unafunguka, "marahaba" haitoki. Upande wa kulia wa uso umeshuka, na mate yanamtoka upande huo. Anaambiwa ainue mikono yote miwili. Wa kushoto unapanda, wa kulia unabaki palepale kitandani. Mguu wa kulia ni dhaifu, ila akijitahidi anaweza kuukunja kidogo. Na macho yake yote mawili yamevutwa kushoto, kana kwamba kuna mtu ukutani upande huo anayemwangalia.

Kila dalili hapo inatamka jina la mshipa. Ateri ya kati hulisha uso wa nje wa nusu ya ubongo, pale pembeni kwenye usawa wa sikio na juu yake. Katika eneo hilo, sehemu inayoamuru uso na mkono wa upande wa pili wa mwili imejipanga kwa pembeni, wakati sehemu ya mguu imepanda juu na kujikunja ndani, kwenye bonde lililo kati ya nusu mbili za ubongo. Bonde hilo ni eneo la ateri ya mbele. Ndiyo maana mkono wa mama umekufa ganzi kabisa na mguu bado una chembe ya nguvu. Maneno yamepotea kwa sababu kwa watu wengi sana lugha imekaa nusu ya kushoto, na yote imo katika eneo la ateri ya kati. Kizuizi hichohicho kingekuwa kulia, angeweza kukuambia habari zote, huku akiusahau mkono wake wa kushoto na hata kukana kwamba ni wake. Macho nayo yanaangalia upande wenye jeraha, maana kituo kinachoyavuta kuelekea upande wa pili kimezimika na cha upande wa kulia kinayasukuma bila mpinzani.

Ingekuwa ateri ya mbele iliyoziba, sura ingekuwa kinyume: mguu mzito, mkono unaoshika vizuri, uso ulionyooka. Mara nyingi familia husema amechoka au goti limemsumbua. Ateri ya nyuma ndiyo inayopotosha zaidi. Hulisha kisogo cha ubongo, panapopokelewa picha za macho, pamoja na sehemu ya kumbukumbu iliyo chini kwa ndani. Mtu wake huamka na nguvu zake zote na maneno yake yote, lakini nusu ya dunia imetoweka. Hugonga bega kwenye fremu ya mlango, huacha chakula cha upande mmoja wa sahani, husoma nusu ya mstari. Wengi hupelekwa kwanza kwa daktari wa macho, na miwani haisaidii, kwa sababu macho yenyewe ni mazima. Kipimo chepesi ni kukaa naye uso kwa uso, umwambie atazame pua yako, kisha uchezeshe vidole upande wa kulia na wa kushoto, jicho moja moja limefunikwa. Akishindwa kuviona vidole vya upande uleule kwa macho yote mawili, tatizo liko nyuma, ndani ya kichwa.

Turudi kwa mama. Nilisema msaada wa duara umeachwa nyuma, na hilo ni kweli, lakini bado kuna akiba ndogo. Juu ya uso wa ubongo, pale ncha za ateri ya kati zinapokaribiana na ncha za ateri ya mbele na ya nyuma, kuna mishipa myembamba sana inayoziunganisha. Damu ya majirani inaweza kupita humo kinyumenyume na kulifikia eneo lenye njaa. Ubongo ulio salama hupata takriban mililita 50 za damu kwa kila gramu 100 kila dakika. Ikishuka chini ya 20, chembe zake huacha kufanya kazi ila bado ziko hai. Ikishuka chini ya 10, hufa katika dakika chache. Katikati ya eneo la mama, karibu na kizuizi, kuna sehemu iliyokwisha kufa. Kuizunguka kuna sehemu kubwa zaidi iliyonyamaza, inayoshikiliwa na damu hiyo ya majirani. Mkono usioinuka na ulimi usiosema ni kazi ya sehemu zote mbili kwa pamoja, na kwa kumtazama tu huwezi kujua ipi ni kubwa.

Kwa hiyo kuna mambo ambayo mkwe hatakiwi kuyafanya, na ninayasema kwa msisitizo kwa kuwa nimeyaona yakifanywa kwa upendo. Asimpe vidonge vya presha vya ziada hata kama mashine inaonyesha 190 kwa 100. Damu ya majirani inafika kwa nguvu ya msukumo huo. Ukiushusha ghafla, sehemu iliyonyamaza inaungana na iliyokufa. Hospitali pia huwa hawaikimbilii presha ya namna hiyo bila kufikiri. Wana viwango vyao, ambavyo hutegemea tiba watakayompa. Asimpe aspirini, kwa sababu dalili zizi hizi zingeweza kuletwa na mshipa uliopasuka, na hakuna anayeweza kutofautisha bila skani ya CT. Asimpe chai wala uji, kwa sababu koo lililolegea hupeleka vitu kwenye mapafu. Anachotakiwa kukijua ni saa. Si saa aliyomkuta. Ni saa ya mwisho ambapo mama alionekana yuko sawa.

Saa hiyo ndiyo ya kwanza kuulizwa mapokezi. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu mwanzo wa dalili, baada ya skani kuonyesha kwamba hakuna damu iliyovuja. Kwa kizuizi kikubwa kama cha mama, dawa peke yake mara nyingi hushindwa kukifungua, na tiba bora ni kuingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa nyonga au wa mkono, kuupandisha hadi kwenye karotidi, kuvuka duara, na kukivuta kizuizi chenyewe nje. Hilo hufanyika kwa kawaida ndani ya saa sita, na kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa picha maalumu, hadi saa 24. Hao wanaochaguliwa ni wale ambao mishipa ya majirani imewashikilia vizuri. Huduma hii katika nchi zetu iko katika hospitali chache za miji mikubwa, na ninaona uchungu kila nikiandika sentensi hiyo, kwa kuwa mgonjwa anayestahili hufika lakini kifaa na mwenye ujuzi wako mkoa mwingine.

Kabla ya kuiacha ateri ya kati kuna kitu kimoja zaidi. Mwanzoni mwake, inapotoka tu kwenye duara, hutoa vitawi vyembamba, vingi havifiki milimita moja, vinavyochimba moja kwa moja kwenda ndani ya ubongo. Vitawi hivi havina jirani wa kuvisaidia. Kila kimoja hulisha kipande chake hadi mwisho, na katika vipande hivyo mna njia nyembamba ambamo nyuzi zote za kuamuru nusu ya mwili zimebanana. Presha ya miaka mingi huharibu kuta za vitawi hivi kuliko mahali pengine. Kimoja kikiziba, jeraha lake linaweza kuwa na upana wa sentimita moja tu, na bado uso, mkono na mguu vikalala vyote kwa usawa, huku maneno na akili vikibaki salama. Kikipasuka, damu humwagika ndani kabisa ya ubongo, na hiki ni kiharusi ambacho madaktari wa Afrika wanakifahamu vizuri mno.

Limebaki duara lenyewe. Mahali mishipa inapogawanyika, damu huupiga ukuta wa njia panda kwa kila pigo la moyo, na duara ni njia panda tupu. Kwa baadhi ya watu ukuta hapo hudhoofika na kufura taratibu, ukawa kivimbe chenye kuta nyembamba. Sehemu zinazoathirika zaidi ni kiunganishi cha mbele, pale kiunganishi cha nyuma kinapotoka kwenye karotidi, na pale ateri ya kati inapogawanyika. Vingi vya vivimbe hivi havipasuki kamwe. Kinachopasuka humwaga damu kuuzunguka ubongo, na wagonjwa wengi hueleza jambo lilelile: kichwa kilichouma kwa ukali wa mwisho ndani ya sekunde chache, maumivu ambayo hawajawahi kuyapata maishani, kisha shingo kukaza na kutapika. Maumivu yanayopanda polepole mchana kutwa ni habari nyingine. Yale ya ghafla kabisa ni ya kupelekwa hospitali saa ileile, hata yakipungua.

Kivimbe cha kiunganishi cha nyuma wakati mwingine hutoa onyo. Pembeni yake hupita neva inayonyanyua kope na kubana mboni ya jicho. Kivimbe kikikua huikandamiza, na mtu akaamka na kope moja iliyoshuka, jicho limegeukia nje na chini, na mboni yake imekuwa kubwa kuliko ya mwenzake hata mwanga ukimulikwa. Kope iliyoshuka huku mboni ikiwa imepanuka, hasa ikiambatana na maumivu kuzunguka jicho, haisubiri miadi ya wiki ijayo.

Ugonjwa mwingine unaoshika duara lenyewe huwapata watoto. Ni wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli, na Tanzania, Uganda na Kongo ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa nao. Chembe nyekundu za damu zilizopinda na kukakamaa huikwaruza kwa miaka kuta za karotidi pale juu kabisa, inapogawanyika kuwa ateri ya mbele na ateri ya kati. Ukuta hunenepa na njia hupungua. Duara haliwezi kumsaidia mtoto huyu kama lilivyomsaidia mtu wa Willis, kwa sababu palipoharibika ni kwenye mzunguko wenyewe, na damu ikija kutoka upande wa pili inakuta mlango uleule mwembamba. Mtoto wa miaka sita anaweza kupata kiharusi kamili cha ateri ya kati.

Tofauti na mama wa alfajiri ile, mtoto huyu anaweza kugunduliwa mapema. Mfupa wa fuvu juu ya shavu, mbele kidogo ya sikio, ni mwembamba kiasi kwamba mawimbi ya altrasaundi hupenya. Mpimaji anaweka kifaa hapo, analenga ateri ya kati, na kusoma kasi ya damu. Damu ikilazimishwa kupita njia iliyobana huongeza mwendo. Chini ya sentimita 170 kwa sekunde huhesabiwa kuwa kawaida kwa mtoto mwenye selimundu. Kati ya 170 na 199 anafuatiliwa kwa karibu. Ikifika 200 na kuendelea, hatari ya kiharusi ni kubwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba watoto wa kundi hilo la juu wakiongezewa damu mara kwa mara, zaidi ya asilimia 90 ya viharusi vyao vinazuilika. Kwa kuwa damu ya kuongezea kila mwezi haipatikani kirahisi katika nchi nyingi za Afrika, watafiti walielekea kwenye kidonge cha hidroksiyurea, kinachomezwa kila siku. Katika hospitali ya Bugando jijini Mwanza watoto walipimwa kwa njia hiyohiyo ya kifaa juu ya shavu, waliokuwa na kasi ya 170 na kuendelea wakaanzishiwa kidonge, na walipopimwa tena baada ya mwaka mmoja, kasi ya damu kwenye ateri zao ilikuwa imeshuka.